Kabla hujaacha kazi: fomu ya kliaransi, makabidhiano na malipo ya mwisho

Ukishaamua kuacha kazi, usikimbilie kuandika barua. Tafuta kwanza fomu ya kliaransi, kwa afisa utumishi au kwa mwenzako aliyeondoka karibuni, uisome ungali na funguo na nenosiri lako. Utakuta orodha ya idara: stoo, TEHAMA, uhasibu, ulinzi, mkuu wako wa kazi. Kila mmoja anasaini kwamba hakudai kitu.

Saini ya stoo hukwama mara chache, maana kompyuta ama ipo ama haipo. Inayosumbua ni ya uhasibu, hasa kama uliwahi kuchukua masurufu ya safari na hukurejesha hesabu. Zimalize hesabu hizo kabla ya notisi, na uzipige picha risiti zako, kwa sababu zile za karatasi laini ya mashine hufifia zikabaki nyeupe. Ukirejesha, dai nakala yenye mhuri wa siku ile. Ya pili inayosumbua ni ya mkuu wa kazi, ambaye anaweza kuichelewesha kwa madai kwamba hujakabidhi vizuri.

Dawa yake ni hati ya makabidhiano iliyoandikwa vizuri: kazi gani inaendelea na imefikia wapi, tarehe gani iko karibu, mafaili yako wapi, nani nje ya ofisi anasubiri jibu, na vifaa gani unarudisha pamoja na namba zake. Nenosiri usiliandike humo. Waombe TEHAMA wahamishe akaunti, kisha uandike kwamba imehamishwa na lini. Kama mrithi wako hajapatikana, andika mapema ndani ya kipindi cha notisi kuuliza, “Nimkabidhi nani?” Wakikaa kimya, mkabidhi mkuu wako na utunze uthibitisho wa kupokelewa. Jukumu lako ni kukabidhi; kuajiri mtu mwingine ni kazi ya mwajiri.

Sasa, je, mwajiri anaweza kuzuia malipo mpaka fomu ikamilike? Jibu liko katika sheria ya nchi unakofanyia kazi, na nchi hazifanani. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mshahara wote ulipwe ajira inapoisha, kwa kufuata sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Pasipo hivyo, ndani ya muda unaofaa. Makato nayo yawe yale tu yanayoruhusiwa kwa njia hizo hizo tatu. Jimbo la Kalifonia, Marekani, limeenda mbali zaidi: mwajiri anayechelewesha kwa makusudi anaweza kudaiwa mshahara wa kila siku ya kuchelewa, hadi siku 30. Ufilipino wameelekea kwingine. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ilikubali mwajiri azuie mafao ya wafanyakazi wa zamani waliokuwa hawajahama nyumba za kampuni. Kwa hiyo tafuta mambo mawili katika sheria yako: malipo ya mwisho yanatakiwa ndani ya siku ngapi, na ni makato gani yanaruhusiwa.

Tuseme unadai mshahara wa siku 18 na likizo ya siku 7 ambayo hukuichukua. Chaja ya kompyuta haionekani, na bei yake ni sawa na mshahara wa nusu siku. Ofisi inashikilia zote 25. Hapo usibishane kuhusu chaja. Andika barua ukubali au ukatae deni hilo la nusu siku, uombe bei yake na hesabu kwa maandishi, kisha udai sehemu isiyobishaniwa ilipwe sasa. Barua ya namna hii inamweka mwajiri mahali pagumu, kwa sababu akiendelea kushikilia zote itabidi aeleze zile nyingine anazizuia kwa kosa gani. Ikibidi kwenda kwa afisa kazi, ndiyo karatasi ya kwanza utakayotoa. (Ukiondoka bila kutimiza notisi, hilo ni deni jingine na lina hesabu yake, usikubali vichanganywe.)

Kabla ya kusaini, soma mstari wa chini kabisa wa fomu. Baadhi ya fomu humalizia kwa maneno kama “nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote.” Ukisaini hayo kabla fedha haijaingia, umempa mwajiri ushahidi dhidi yako. Uyafute kwa mstari mmoja, uandike pembeni “malipo bado hayajapokelewa” pamoja na tarehe, kisha usaini na upige picha ukurasa mzima. Wakikataa fomu iliyorekebishwa, omba sababu kwa barua pepe, na wewe uwatumie picha hiyo siku hiyo hiyo.