Somo: Una wafuasi 4,000, posti imefika kwa 300. Mlango upi umefungwa?

Wanaouza mtandaoni wana kilio kimoja: "Instagram imenifungia." Mara nyingi hakuna aliyekufungia. Hadi 2016 Instagram ilipanga posti kwa muda: ya karibuni juu, ya zamani chini. Mwaka huo ilianza kuzipanga kwa kukisia kila mtu atapenda nini, na wakati huohuo ikakiri kwamba kwa wastani mtu alikuwa akikosa asilimia 70 ya posti za akaunti anazozifuata. Kwa hiyo hata ule mpangilio wa zamani haukumfikishia kila mfuasi posti zako. Leo tushike Instagram pekee, tena video fupi za Reels, kwa sababu ndizo mnazoziuliza zaidi.

Hatua ya 1: Elewa kinachofanyika kabla video haijamfikia mtu

Mtu anapofungua programu, mfumo hukusanya kwanza maelfu ya posti zinazoweza kumfaa. Huzichuja haraka haraka zibaki chache, kisha hizo chache huzipigia hesabu nzito: je, huyu mtu, si mwingine, atabonyeza? Atalaiki? Atakereka? Wahandisi wa Meta walieleza mwaka 2023 jinsi hesabu hiyo inavyofanyika kwenye ukurasa wa Explore. Kwa ufupi iko hivi:

```
EV = W_click*P(click) + W_like*P(like) - W_see_less*P(see_less)
```

EV ni alama ya jumla ambayo video inapata kwa mtu huyo, P ni uwezekano kwamba atafanya tendo fulani, na W ni uzito ambao tendo limepewa. Tazama ile alama ya kutoa. Mtu akielekea kusema "nipunguzie posti za namna hii", video inapoteza alama hata kama wengine wameilaiki.

Jambo la kushika hapa ni kwamba video haina alama moja kwa dunia nzima. Video yako ya madera inaweza kuwa ya kwanza kwa mama wa Temeke na ya mia tatu kwa mdogo wake aliyekaa naye sebule moja.

Hatua ya 2: Tenganisha milango miwili

Mlango wa kwanza ni wafuasi wako. Wa pili ni wageni, watu wasiokufuata ambao mfumo unawapendekezea video yako. Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alitaja ishara tatu zenye nguvu zaidi: muda wa kutazama, laiki, na kutumiana video kwa ujumbe. Kisha akaongeza kitu ambacho wengi walikipita: laiki zina uzito zaidi kwa wafuasi, na kutumiana kuna uzito zaidi kwa wageni. Zote mbili zinapimwa kwa kulinganisha na idadi ya waliofikiwa. Idadi tupu haikwambii kitu.

Fungua video, bonyeza `View insights`. Utaona asilimia ya waliotazama ambao ni wafuasi na wasio wafuasi. Andika pembeni idadi ya waliofikiwa, laiki, na `Shares`. Daftari la shule linatosha.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuchukue mfano wa dada anayeuza vitenge Kariakoo. Namba ni za kubuni, za kujifunzia tu.

Video ya kwanza inaonyesha mzigo mpya: vitenge vimepangwa mezani, muziki, maandishi "Bei inboksi". Imefikia watu 900, laiki 81, imetumwa mara 2. Laiki ni 81 kwa 900, sawa na asilimia 9. Kutumwa ni kama asilimia 0.22.

Video ya pili inaonyesha kufunga kilemba kwa namna tatu kwa kitenge kimoja. Imefikia 600, laiki 45, imetumwa mara 18. Laiki asilimia 7.5, kutumwa asilimia 3.

Ukitazama laiki tu, ya kwanza imeshinda. Ukitazama kutumwa, ya pili imeizidi mara 13.5. Na ukijiuliza sababu, iko wazi: nani atamtumia shoga yake picha ya mzigo wa duka asilolijua? Lakini kilemba, "shoga, tufunge hivi Jumamosi", kinatumwa. Ya pili ndiyo yenye nafasi ya kupita mlango wa wageni. Ya kwanza haijafeli. Imefanya kazi yake kwa wafuasi, na hao ndio wanunuzi.

Sasa mkato wa video. Kwenye grafu ya watazamaji, mstari ukianguka sana sekunde 3 za mwanzo, tatizo liko hapo. Dada huyu alikuwa anaanza kwa nembo ya duka inayozunguka. Aianze na mkono unaozungusha kitambaa kichwani, nembo aitupe kabisa. (Nembo zinazozunguka ni ugonjwa wetu, sijui nani alituambukiza.)

Hatua ya 4: Jaribu kwa wageni kwanza

Tangu Desemba 2024 kuna swichi ya `Trial` kwenye Reels za akaunti za kitaaluma. Ukiiwasha, video inaonyeshwa kwa wasiokufuata kwanza. Baada ya siku moja hivi unapata picha ya awali, kisha unaamua kama uwaonyeshe wafuasi. Jaribu mianzo miwili ya video ileile. Badilisha kitu kimoja tu, la sivyo hutajua kilichofanya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Muuza viatu, Mombasa:* Shikamoo mwalimu. Kundi letu la WhatsApp tunalaikiana kila asubuhi, watu 40. Inasaidia?

Marahaba. Inaharibu kuliko inavyosaidia. Wale 40 wanalaiki na kupita baada ya sekunde mbili, kwa hiyo muda wa kutazama unashuka. Pia unaufundisha mfumo kwamba mtu wako ni muuza simu na fundi aluminiamu, wakati wewe unatafuta wavaa viatu.

*Mama wa keki, Mwanza:* Nikiandika "bei inboksi" komenti za "bei?" zinajaa. Si ndiyo algoriti inapenda?

Komenti zinahesabiwa, hasa kwa posti zinazowafikia wafuasi. Lakini mama, pima na upande wa pili: wangapi kati ya waliouliza wamelipa? Na anayeona keki bila bei hana cha kumtumia mwenzake. Weka bei kwenye video mbili, ifiche kwenye mbili, linganisha kutumwa na oda.

*Kijana wa Arusha:* Kaka, wageni wangu ni asilimia 4 tu, video zote. Nimefungiwa?

Hapo ndipo inafaa kushuku. Nenda `Settings`, kisha `Account Status`. Huko utaambiwa kama akaunti yako inaruhusiwa kupendekezwa kwa wasiokufuata. Kama ipo sawa, tazama video zenyewe: je, zina alama ya programu nyingine pembeni? Je, umezichukua kwa watu? Tangu 2024 Instagram imetangaza kwamba akaunti zinazorudiarudia kuposti kazi za wengine zinaondolewa kwenye mapendekezo. Wafuasi wataendelea kuziona, wageni hapana, na hiyo inafanana kabisa na asilimia 4 yako.

*Kijana wa Arusha:* Ni za mtandaoni, nilikuwa nakata alama tu.

Basi umeshajijibu, kaka. Anza na video tano ulizopiga mwenyewe, kisha ulete namba zake hapa.