Taa zififie picha inapoanza, si televisheni inapowashwa

Katika Home Assistant, programu ya kuendeshea vifaa vya nyumbani, kichocheo cha kufifisha taa za ukumbini kiwekwe kwenye hali ya `playing` ya televisheni, wala si `on`, kwani ukitumia `on` taa zitafifia ilhali bado unatafuta cha kutazama. Nyumbani kwangu Chake Chake nimeweka `brightness_pct: 20`, mwanga unaomtosha bibi kukiona kikombe chake cha chai, na nikaongeza sharti kwamba taa iwe tayari inawaka, kwa sababu amri ya `light.turn_on` huiwasha hata ile iliyozimwa. Ukitazama kwa king'amuzi, televisheni nyingi hubakia kwenye `on` tu. Basi fungua kwanza Developer Tools, kisha States, uitazame hali yenyewe picha ikiwa inacheza.