Jinsi ya kubadili mikrosiverti kuwa milisiverti unaposoma ripoti ya skani

Kazi yangu ni kupiga eksirei na siti skani. Siku moja alikuja mama mmoja na karatasi tatu alizokuwa amezikunja pamoja, akazitandaza mezani. Juu ya ile ya kwanza mwanawe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: jumla 31.6 mSv. "Mwanangu," akaniuliza, "mionzi yote hii imo mwilini mwangu?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya eksirei ya kifua, 20 µSv. Ya pili ilikuwa ya kipimo cha msongamano wa mifupa, 6 µSv. Ya tatu ilikuwa ya siti skani ya kifua, 5.6 mSv. Kijana alijumlisha 20, 6 na 5.6. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kama hesabu, ila alijumlisha vitu viwili visivyolingana, sawa na mtu anayejumlisha gramu na kilo. Nitatumia karatasi hizo hizo kukuonyesha namna ya kufanya.

Hatua ya 1: Soma herufi kabla ya namba

Weka kidole kwenye kipimo, siyo kwenye namba. Sv ni siverti, kizio cha dozi ya mionzi kilichopewa jina la Rolf Sievert, mwanafizikia wa Uswidi. Herufi inayotangulia Sv ndiyo inayobeba uzito wote. Ukiona m, hiyo ni mili, yaani sehemu moja ya elfu ya siverti. Ukiona µ, ile inayofanana na u yenye mkia, hiyo ni mikro, sehemu moja ya milioni. Baadhi ya mashine na watu huandika uSv kwa sababu kibodi haina µ. Maana ni ile ile.

Kwa hiyo milisiverti moja ni sawa na mikrosiverti 1000. Kanuni yote ni hiyo:

```
mSv = µSv ÷ 1000
```

Hatua ya 2: Sogeza nukta nafasi tatu kwenda kushoto

Kugawa kwa 1000 hakuhitaji kikokotoo. Tafuta nukta ilipo (namba isiyo na nukta, ichukulie kwamba nukta iko mwisho wake), kisha isogeze nafasi tatu kushoto. Namba 850 inakuwa 0.85. Namba 5600 inakuwa 5.6.

Taabu iko kwenye namba ndogo, na ndipo ninapowaona watu wengi wakiteleza. Chukua ile 6 ya kipimo cha mifupa. Ina tarakimu moja tu, na nukta inataka nafasi tatu, kwa hiyo nafasi mbili zilizobaki lazima uzijaze kwa sifuri: 0.006. Anayezisahau huandika 0.6, akawa ameongeza dozi mara 100 bila kujua. Eksirei ya kifua nayo, 20 µSv, inakuwa 0.020, yaani 0.02 mSv. Ukitaka kujihakiki, rudi ulikotoka: zidisha jibu kwa 1000. Ukizidisha 0.006 unapata 6, sawa. Ukizidisha 0.6 unapata 600, na hapo kosa linajionyesha lenyewe.

Hatua ya 3: Sasa jumlisha

Karatasi za yule mama, zote zikiwa kwenye kizio kimoja, zinasomeka hivi:

```
eksirei ya kifua    0.020 mSv
kipimo cha mifupa   0.006 mSv
siti skani ya kifua 5.600 mSv
jumla               5.626 mSv
```

Nilipomwandikia hivyo akanyamaza kidogo, akiangalia mstari wa tatu. Alikuwa ameiogopa eksirei kwa sababu ilikuwa na namba kubwa kuliko zote, 20. Kumbe karibu dozi yote ilitoka kwenye siti skani, yenye namba ndogo ya 5.6. Siti skani ile peke yake ni sawa na eksirei 280 kama ile aliyopigwa. Namba bila kizio ilikuwa imempindulia picha nzima.

Kwa mazungumzo ya kawaida ningesema "kama 5.6" na kuishia hapo. Tarakimu za mbali hazina uhakika huo, kwa sababu dozi inayoandikwa kwa siverti hukadiriwa kwa mwili wa mfano, si kwa kupima mwili wako wewe.

Hatua ya 4: Jiulize kama jibu linaingia akilini

Hatua hii naithamini kuliko zote, kwa sababu kuna kosa ambalo hesabu haiwezi kuligundua: herufi yenyewe kubadilika njiani. Katika fonti iitwayo Symbol, alama µ hupatikana kwa kubonyeza herufi m. Maandishi hayo yakinakiliwa kwenda kwenye ujumbe wa simu, au faili likifunguliwa mahali pasipo na fonti hiyo, µ inarudi kuwa m. Hapo 20 µSv inageuka 20 mSv, na hakuna aliyekosea kuandika.

Utajuaje? Kwa kuwa na makadirio machache kichwani. Eksirei ya kifua ya mtu mzima, picha moja ya kutoka mgongoni kwenda mbele, huwa karibu 0.02 mSv. Siti skani ya kichwa huwa karibu 2 mSv, ya kifua kwa kawaida ni milisiverti chache, na ya tumbo inaweza kukaribia 10. Mionzi ya asili, ile ya ardhini, angani na kwenye chakula, humpa binadamu wastani wa 2.4 mSv kwa mwaka duniani. Basi ukikuta eksirei moja ya kifua imeandikwa 20 mSv, simama. Usibadili herufi kwa kubahatisha. Rudi idara ya mionzi uombe wakuonyeshe rekodi ya mashine.

Angalia na mkato. 1,250 µSv kwa kawaida yetu ni elfu moja mia mbili na hamsini, yaani 1.25 mSv. Lakini mashine iliyowekwa lugha inayotumia mkato badala ya nukta humaanisha 1.25 µSv tu. Aina ya kipimo ndiyo itakayokuamulia: siti skani haiwezi kutoa mikrosiverti moja na robo.

Ukikosa Sv kabisa

Ripoti nyingi za siti skani hazina siverti. Zina DLP, kwa kizio cha mGy·cm. Hiyo usiigawe kwa 1000, maana si kitu kile kile. Inaeleza mionzi iliyotoka kwenye mashine kwa urefu wote uliopigwa. Huzidishwa kwa namba maalumu ya sehemu ya mwili. Kwa kifua cha mtu mzima hutumika sana 0.014, na kwa kichwa 0.0021. Karatasi ya tatu ya yule mama ilikuwa na DLP 400, na 400 × 0.014 ni 5.6 mSv. Jibu linatoka likiwa tayari ni milisiverti. Namba hizo si za watoto. Mtoto ana zake, kubwa zaidi, kulingana na umri.

Yule mama alichukua kalamu yangu, akakata 31.6 kwa mstari mmoja, akaandika 5.6 pembeni. Nikamwomba aongeze mSv mbele yake, akaongeza.