Jisome kama mwajiri kabla hujatuma wasifu

Juzi nilimsaidia mdogo wangu wa Jinja kuomba kazi ya mauzo Kampala, nikajifunza jambo hili. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, tafuta jina lako, na usome kinachotokea huku wasifu uliouchapisha ukiwa mkononi. Tafuta kwa kila mpangilio wa majina, kwani wengi wetu Uganda hutanguliza jina la ukoo mahali pamoja na kulimalizia pengine. Wasifu wake ulisema "Afisa Mauzo, Machi 2021 hadi Juni 2023", ilhali ukurasa wake kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ulisema "Meneja wa Mauzo" hadi leo. Msomaji asiyemfahamu angedhani anadanganya, kumbe alisahau tu kusahihisha. Tulifuata cheo kilichoandikwa kwenye barua ya ajira, kisha tukaondoa machapisho ya zamani yaliyomtambulisha kama fundi wa kompyuta. Dirisha la faragha huonyesha sehemu ya hadharani pekee, kwa hiyo mwombe pia rafiki mwenye akaunti ya LinkedIn akusomee ukurasa wako mzima. Iwapo jina lako ni la wengi, ongeza mji na fani, la sivyo utakuwa ukimsahihisha mtu mwingine.