PS4 au runinga haioni hotspoti ya simu yako? Chunguza masafa kabla ya kumlipa fundi

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alikuja kibandani kwangu na PS4 ndani ya begi la shule la mwanawe. Alikuwa ameinunua ikiwa imetumika, Luthuli Avenue, na tayari alikuwa ameambiwa kwamba kadi ya waifai imeungua na inafaa kubadilishwa. Nyumbani kwake hakuna ruta. Mtandao wote unatoka kwenye simu yake ya Samsung, na simu ya kijana wake inaishika hotspoti hiyo bila shida. PS4 ndiyo haioni.

Nilimwuliza, "Mama, ukifungua orodha ya waifai kwenye mashine, majina ya majirani unayaona?"

"Ni mengi, fundi. Langu tu ndilo halipo."

Hapo niliirudisha bisibisi kwenye droo. Kadi iliyoungua haioni mtu yeyote. Mashine inayowaona majirani wote ikakosa simu iliyo mita moja mbele yake ina masikio mazima, ila simu inazungumza mahali ambapo mashine haisikilizi.

Waifai tunayotumia majumbani hupita zaidi kwenye masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Simu nyingi za siku hizi hupendelea kurusha hotspoti kwenye 5 kwa sababu kuna kasi zaidi. Lakini PS4 ya umbo la kwanza, ile nene iliyotoka mwaka 2013, ina redio ya 2.4 pekee. Runinga janja nyingi za bei nafuu ziko hivyo hivyo. Ni kama redio ya zamani isiyo na FM: hata ukisimama chini ya mnara wa stesheni ya FM, haitakupa hata mkwaruzo. Ndiyo maana kwenye skrini huoni jina lenye mawimbi dhaifu. Huoni jina kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni la kutoonekana

Jina likionekana lakini kifaa kikakataa kuunganishwa, masafa hayana kosa. Huenda ni nywila, au aina ya ulinzi ambayo nitaieleza kwenye hatua ya 5. Jina lisipoonekana kabisa huku ya majirani yakionekana, endelea hapa. Kama hakuna jina hata moja, hapo ndipo unaweza kushuku antena au kadi.

Hatua ya 2: Jua kifaa chako kinasikia wapi

Kwa PS4, geuza mashine usome namba ya modeli nyuma. Ikianza na `CUH-10`, `CUH-11` au `CUH-12`, ni ya 2.4 pekee. Ile nyembamba inayoanza na `CUH-2` na ile ya Pro inayoanza na `CUH-7` zinasikia kote kuwili. Ya mama yule ilikuwa `CUH-12`.

Kwa runinga, tafuta kwenye boksi au kitabu chake mstari wa waifai. Ukikuta `802.11 b/g/n` peke yake, bila `a` wala `ac`, hesabu kwamba ni 2.4 tu.

Hatua ya 3: Jua simu inarusha wapi

Chukua simu ya pili ya Android, iunganishe na hotspoti, kisha gusa jina la mtandao huo ufungue maelezo yake. Kwenye simu nyingi utaona mstari wa `Frequency`. Simu ya kijana ilituonyesha `5 GHz`, na tatizo likawa limejulikana.

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakifuta mipangilio yote ya mashine, hadi gemu walizohifadhi zikapotea, kwa tatizo lililokuwa kwenye simu mfukoni.

Hatua ya 4: Hamisha hotspoti kwenye 2.4

Kwenye Samsung, ingia `Settings`, `Connections`, `Mobile Hotspot and Tethering`, kisha `Mobile Hotspot`. Fungua sehemu ya kubadilisha mipangilio, tafuta `Band`, chagua `2.4 GHz` na uhifadhi. Kwenye Android nyingine sehemu hiyo huitwa `AP Band`, na kwenye Pixel unawasha `Extend compatibility`.

Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, ingia `Settings`, `Personal Hotspot`, uwashe `Maximize Compatibility`. Usiondoke kwenye ukurasa huo hadi PS4 au runinga iwe imeunganishwa, kwa sababu iPhone huacha kujitangaza baada ya muda mfupi ukifunga ukurasa.

Zima hotspoti, iwashe tena, kisha urudie hatua ya 3. Simu ya pili ikisema `2.4 GHz`, nenda kwenye PS4: `Settings`, `Network`, `Set Up Internet Connection`, `Use Wi-Fi`. Ingia upya ili mashine itafute tena. Orodha uliyoiacha wazi inaweza kuwa ya zamani.

Hatua ya 5: Ikiwa bado haionekani

Kwa mama yule tulihifadhi `2.4 GHz`, tukawasha tena, na simu ya kijana ikaendelea kusema `5 GHz`. Nikakumbuka kwamba mama alipokuwa akisubiri nilimpa nywila ya waifai ya kibanda. Simu yake ilikuwa imeshika ruta yangu kwenye 5 huku ikigawa hotspoti kwa wakati huohuo. Simu nyingi haziwezi kushika waifai kwenye masafa haya na kurusha hotspoti kwenye yale kwa pamoja, kwa hiyo hotspoti inaburutwa kufuata ruta. Tulizima waifai ya simu, tukabaki na data pekee, tukawasha hotspoti upya. Jina lake lilitokea juu kabisa ya orodha.

Mambo mengine mawili hutokea mara chache zaidi. Ulinzi wa hotspoti ukiwa `WPA3` pekee, mashine na runinga za miaka ya nyuma hazitaunganishwa, na nyingine hazionyeshi hata jina, kwa hiyo weka `WPA2`. Pili, angalia kama umeficha jina la hotspoti. Lililofichwa halitokei kwenye orodha, hata masafa yakiwa sawa.

Baada ya kuunganishwa

Kwenye ghorofa za Umoja au Pipeline, 2.4 imejaa. Kila nyumba inaitumia, na kidhibiti cha PS4 chenyewe kinawasiliana kwa Bluetooth kwenye eneo hilohilo. Weka simu karibu na mashine, mita moja au mbili, pasipo ukuta katikati. Kucheza kwenyewe hakuhitaji data nyingi. Masasisho ndiyo yanayomaliza bando, kwa hiyo zima upakuaji wa kujiendesha kwenye `Settings`, `System`, `Automatic Downloads` kabla ya kulala na hotspoti ikiwa imewashwa.

Ukitaka kasi zaidi kwenye PS4 nene, usinunue kile kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye tundu la USB, maana PS4 haikitambui. Tumia tundu la kebo ya mtandao lililo nyuma. Ruta ndogo ya 4G yenye tundu la kebo inakutosha: unaweka laini yako ndani, unachomeka kebo, na redio ya mashine haina kazi tena. Mama yule hakuihitaji. Alilipia dakika ishirini za kazi yangu, akarudisha PS4 kwenye begi la kijana, na kadi ikabaki ileile aliyokuja nayo.