Jinsi ya kuomba kufutiwa bili ya AWS baada ya ufunguo kuvuja na akaunti kusimamishwa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ufunguo wake wa kufikia AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kwa mtandao, umevuja, wezi wakawasha mashine kwa jina lake, bili ikapaa, na sasa akaunti imesimamishwa. Bili ya namna hii inaweza kupunguzwa au kufutwa, lakini kisheria AWS hailazimiki kufanya hivyo. Mkataba unasema ulinzi wa funguo ni jukumu la mwenye akaunti, kwa hiyo unachopeleka ni ombi. Ombi hilo husikilizwa ukishaonyesha kwamba mlango umefungwa. Wengi hukwama kwa sababu wanaanza kudai pesa huku mashine za mwizi bado zinaunguruma.

Tuchukue mfano wa kubuni, tutembee nao hadi mwisho. Akaunti hulipa dola 20 hivi kwa mwezi. Ina mtumiaji anayeitwa `pakia-picha`, aliyeundwa kwenye IAM, huduma ya AWS ya kusimamia watumiaji na ruhusa zao. Kazi yake ni kupandisha picha tu, lakini alipewa `AdministratorAccess`, yaani ruhusa ya kufanya kila kitu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Ijumaa saa 18:10 UTC faili la mipangilio lenye ufunguo wake likapandishwa kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa umma. Programu za wezi hukagua hazina hizo muda wote, kwa hiyo saa 18:20 mashine za kwanza zilikuwa zimewashwa. Wezi waliwasha mashine 5 za aina ya `c5.24xlarge` katika kila kanda, yaani eneo la dunia lenye vituo vya AWS, kwenye kanda 12. Hizo ni mashine 60. Kila moja hugharimu takriban dola 4 kwa saa, yaani dola 240 kwa saa kwa zote. Saa 40 baadaye bili ilikuwa dola 9,600.

Ingia kama mtumiaji mkuu, kisha tafuta kesi

Akaunti iliyosimamishwa bado humruhusu mtumiaji mkuu, yule wa barua pepe iliyofungulia akaunti, kuingia na kufika kwenye ukurasa wa bili na wa usaidizi. Badilisha nenosiri lake na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya jambo lingine lolote. Kisha fungua Support Center, ukurasa wa kesi, yaani maombi ya usaidizi. AWS ikigundua ufunguo umevuja, mara nyingi huwa imeshakufungulia kesi yenyewe na kukutumia barua pepe. Jibu ndani ya kesi hiyohiyo. Ukifungua nyingine tatu, maelezo yako yatasambaa kwa watu tofauti na kila mmoja atakuuliza upya. Kama hakuna kesi, bonyeza Create case, chagua Account and billing, halafu eneo la bili. Kesi za akaunti na bili ni bure hata kama hulipii mpango wowote wa usaidizi.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: ufunguo umevuja, unafanya usafi, na unaomba kadi isikatwe mpaka uchunguzi uishe. Iwapo usimamishwaji unakuzuia kufuta vitu, sema hivyo wazi na uombe akaunti ifunguliwe ili usafishe.

Usiifunge akaunti kwa hasira. Kuifunga hakufuti deni, na kunakuondolea nafasi ya kukusanya ushahidi. Vilevile usikimbilie benki kupinga malipo ya kadi. Kwa AWS, malipo yaliyorudishwa na benki ni bili isiyolipwa, na sasa utakuwa na migogoro miwili badala ya mmoja. Hatua hiyo ibaki ya mwisho kabisa.

Funga mlango kweli

Ufunguo wa kudumu huanza na herufi `AKIA`. Uzime kwanza, usiufute bado, kwa sababu namba yake utaihitaji kufuatilia alichofanya mwizi:

```
aws iam update-access-key --user-name pakia-picha \
  --access-key-id AKIAIOSFODNN7EXAMPLE --status Inactive
```

Hapa ndipo watu wengi hudhani wamemaliza. Mwizi anayejua kazi yake huwa ameshautumia ufunguo huo kuomba vibali vya muda kwa `GetFederationToken`. Vibali hivyo vinaweza kudumu hadi saa 36, na kuzima ufunguo uliovizaa hakuvizimi. Dawa ni kumnyima mtumiaji mwenyewe kila ruhusa, kwa maana vibali hivyo haviwezi kuvuka ruhusa za mtumiaji aliyeviomba:

```
aws iam attach-user-policy --user-name pakia-picha \
  --policy-arn arn:aws:iam::aws:policy/AWSDenyAll
```

Huenda ukakuta AWS imeshambandika mtumiaji huyo sera ambayo jina lake linaanza na `AWSCompromisedKeyQuarantine`. Iache hapohapo, lakini usiitegemee. Inazuia baadhi ya vitendo tu, na haizimi mashine iliyokwishawashwa.

Baada ya hapo pitia orodha ya watumiaji na majukumu, yaani roles, kwenye IAM. Mtumiaji usiyemfahamu, jukumu linaloaminisha akaunti ya nje, au funguo mpya kwa mtumiaji wa zamani ni njia za mwizi kurudi. Piga picha ya skrini, kisha ondoa.

Ondoa mashine kanda kwa kanda

Konsoli hukuonyesha kanda moja kwa wakati, na wezi wanategemea hilo. Huduma inayoendesha mashine hizi ni EC2, na ukurasa wake wa EC2 Global View hukupa hesabu ya kanda zote mahali pamoja, basi anzia hapo. Mashine ikikataa kufutwa, mara nyingi mwizi ameiwekea kinga ya kutofutwa. Iondoe kwanza, kisha uifute. Badilisha kanda na namba ya mashine kulingana na unachokiona:

```
aws ec2 modify-instance-attribute --region eu-central-1 \
  --instance-id i-0123456789abcdef0 --no-disable-api-termination
```

EC2 siyo mahali pekee. Angalia huduma nyingine za AWS kama ECS, Lambda na SageMaker, na pia Bedrock kama bili inaitaja. Njia ya uhakika zaidi ya kujua pa kutafuta ni bili yenyewe: fungua Cost Explorer, panga kwa Usage Type, usome mistari. Mstari unaosomeka `EUC1-BoxUsage:c5.24xlarge` maana yake ni saa za mashine ya aina hiyo huko Frankfurt. Takwimu hizi huchelewa hadi siku moja hivi, kwa hiyo bili ikiendelea kupanda saa chache baada ya usafi, usishtuke. Ikipanda siku ya tatu, kuna kitu umekiacha.

Kusanya ushahidi

CloudTrail huhifadhi matukio ya usimamizi ya siku 90 zilizopita, hata kama hukuwahi kuigusa. Tafuta kwa namba ya ufunguo, katika kila kanda iliyotajwa kwenye bili:

```
aws cloudtrail lookup-events --region us-east-1 \
  --lookup-attributes AttributeKey=AccessKeyId,AttributeValue=AKIAIOSFODNN7EXAMPLE
```

Matukio ya IAM hukaa `us-east-1`, kwa hiyo usiiruke kanda hiyo hata kama hamna mashine. Unachotafuta ni majina kama `RunInstances`, `CreateUser`, `CreateAccessKey` na `GetFederationToken`, pamoja na anwani ya IP iliyoita. Katika mfano wetu, `pakia-picha` kwa miezi yote iliyoonekana hakuwahi kuomba kuwasha mashine hata moja, na maombi yake yalitoka seva moja. Ghafla Ijumaa saa 18:20 anwani ngeni inaita `RunInstances` kwenye kanda 12 ndani ya dakika chache. Tofauti hiyo kati ya kawaida na tukio ndiyo moyo wa ombi lako. Nakili mistari michache iliyo wazi. Hakuna atakayesoma kurasa 200 za kumbukumbu.

Andika ombi

Utaliandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu. Anza na saa: lini ufunguo ulitoka, lini tukio la kwanza, lini uliuzima. Tumia UTC kama CloudTrail, vinginevyo saa zako hazitalingana na zao. Fuata na kilichofanywa na mwizi, kisha ulichokifanya wewe, hatua kwa hatua. Malizia kwa kiasi.

Kwenye kiasi kuwa mkweli hadi senti. Kama bili ya mwezi ni dola 9,620, na dola 20 ni matumizi yako halali, omba dola 9,600 zifutwe na useme kwamba 20 utalipa. Anayeomba bili nzima ifutwe humlazimisha mkaguzi kuanza kutenganisha mwenyewe, na hapo imani hupungua. Eleza pia chanzo bila kukizunguka: ufunguo uliwekwa kwenye hazina ya umma. Wao wanajua tayari, mara nyingi ndio waliokuarifu.

Kisha taja kinga mpya. Timu ya bili hutaka kuona angalau uthibitishaji wa hatua mbili kwa mtumiaji mkuu, mtumiaji aliyepunguziwa ruhusa hadi kazi yake tu, na tahadhari ya gharama kwenye AWS Budgets. Fahamu kwamba Budgets hukutumia taarifa tu. Haizimi kitu mpaka uipangie kitendo, kwa hiyo usiiandike kana kwamba ni kufuli.

Kusubiri, na wakikataa

Anayekujibu kwenye kesi kwa kawaida siye anayeamua. Yeye huhakiki usafi wako, halafu hupeleka ombi kwa timu nyingine. Mwezi ukiwa haujafungwa, uamuzi unaweza kusubiri bili ya mwisho itoke. Wakati huo jibu kila ujumbe siku hiyohiyo, kwa maana kesi isiyojibiwa hufungwa na akaunti hubaki imesimama.

Jibu linaweza kuwa msamaha wa sehemu tu. Ukidhani wamekosea, rudi kwenye kesi ileile na mistari mahususi ya bili ambayo hawakuihesabu, ukionyesha kanda, aina ya mashine na saa. Malalamiko ya jumla hayabadilishi uamuzi, lakini mstari uliosahaulika unaweza kuubadilisha. Kikibaki kiasi usichokimudu, omba kukilipa kwa awamu kabla tarehe ya mwisho haijapita. Na chukulia msamaha huu kuwa wa mara moja. Ufunguo ukivuja tena, historia ya kesi hii itakuwa mbele yao.

Salio likirudishwa, litaonekana kwenye ukurasa wa Credits au kama punguzo ndani ya bili husika. Linganisha na kiasi ulichoomba, kisha kagua bili ya mwezi unaofuata mstari kwa mstari. Mashine zikifutwa, diski za EBS, nakala zake na anwani za IP zinaweza kubaki zikitozwa kimyakimya, na gharama hizo za baadaye hazimo kwenye msamaha uliopewa.