Meza inabaki yenyewe mara kwa mara? Namna ya kuchagua bidhaa zisizoibika wala kuoza haraka

Hii ni kwa wale wenye meza mbele ya nyumba, pale Ndosho, Majengo, Katindo, popote Goma, halafu kila saa unaiacha: maji yamefika ku bomba unakimbia na bidoni, mtoto analia ndani, sufuria iko kwa moto. Huna mtu wa kubakisha hapo na huna pesa ya kumlipa. Basi bidhaa yenyewe njo inapaswa kujilinda, na hiyo unaiamua siku ya kununua, si siku ya kuibiwa.

Hatua ya 1: pima mkono wa mwizi

Usianze na "nini inauzika sana". Anza hapa: mtu akipita bila kusimama, mkono wake unaweza kubeba pesa ngapi? Halafu uliza, ili nirudishe hiyo pesa, niuze ngapi?

Tuchukue mfano, bei utaweka zako. Maziwa ya unga ya sashe ndogo, zile za mkanda. Tuseme sashe moja unauza franka 500 na umenunua 450. Mkanda wa sashe 10 unaingia mfukoni mara moja tu, na hapo umepoteza 4500. Faida yako kwa sashe ni 50, kwa hiyo utauza sashe 90 bila kula hata franka moja ndo urudi pale ulikuwa. Sashe 90! Hiyo ni wiki nzima kwa meza ndogo, pengine zaidi.

Sasa weka maharagwe kwa baseni. Tuseme kilo umenunua 2700 unauza 3000. Mpitaji akichota na mikono yote mbili hatoki na zaidi ya gramu 300 hivi, ni kama franka 810. Unauza kilo tatu, umeshaziba. Tena huyo mtu aweke wapi? Maharagwe ya wazi yanataka mfuko, yanataka kuinama, yanamwagika na kupiga kelele, na jirani anageuka kuangalia. Njo maana mimi siwashauri kufunga maharagwe kwa vifuko vya nusu kilo kama meza haina mtu. Kifuko kinarahisisha kuuza, kweli, lakini kinamrahisishia na mwizi.

Kanuni yangu: kama mkono mmoja unaweza kuondoka na faida ya siku nzima, hiyo bidhaa inakaa ndani ya nyumba, inatoka mteja akiiomba. Sigara, betri, vocha za simu, sabuni ya kuoga, tomati ya kopo, zote ziko upande huo.

Hatua ya 2: usidanganywe na "kavu"

Watu wengi wakisikia bidhaa isiyooza wanakimbilia ndagala kavu. Ndagala kweli inakaa, lakini ni nyepesi na bei iko juu, ngumi moja tu imekuuma. Na paka nao hawalipi. Unataka vitu viwili pamoja: kavu NA nzito kwa bei ndogo. Kwa meza ya Goma naona vitatu: makala, chumvi na maharagwe.

Makala haraka haraka: gunia zima haliibiwi na mpita njia, anahitaji chukudu na mtu wa kumsaidia kupakia. Mvua ikiipiga unaianika, inarudi kuwaka. Hasara yake ni vumbi la chini, kwa hiyo unaponunua usitazame vipande vikubwa vya mdomoni tu, ingiza mkono ubavuni mwa gunia usikie kama katikati ni unga. Na kama gunia lina joto mkononi, liache, hiyo imetoka kuchomwa juzi na inaweza kujiwasha yenyewe.

Chumvi haiozi, ila inakunywa unyevu wa hewa, na masika yetu mnayajua. Usiiweke juu ya mawe ya volkano moja kwa moja, weka ubao chini, na mfuko wa plastiki wa ndani ubaki umefungwa. Toa kidogo kidogo.

Hatua ya 3: maharagwe, hapa njo kazi iko

Maharagwe hayaozi kama nyanya lakini yana adui anayekuja nayo kutoka shambani: vidudu. Unanunua safi kabisa, mwezi haujaisha unaona vitundu vya duara na unga mweupe chini ya gunia. Havikuingia kwako, vilikuwa ndani ya mbegu tayari, vimekomaa tu vikatoboa kutoka.

Kwanza pima ukavu. Uma mbegu moja: ikipasuka kwa mlio ni kavu, jino likizama hapana. Kama bado una mashaka, chukua chupa kavu ya plastiki, tia maharagwe kidogo na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, maharagwe yana maji bado, anika kwa turubai siku ya jua halafu rudia. Usiruke hii, juu maharagwe mabichi ukiyafungia yataota ukungu na hapo hata ng'ombe hataki.

Yakiwa makavu na yamepoa, jaza bidoni safi ya litre 20, iliyokauka kabisa ndani. Inabeba kama kilo 15 au 16. Tikisa unapojaza, ongeza mpaka shingoni kusibaki nafasi ya hewa, weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chini ya kifuniko, kaza. Vidudu vinapumua hiyo hewa kidogo iliyobaki, ikiisha vinakufa au vinashindwa kuzaa. Hakuna dawa. Lakini ukifungua kila siku kuchungulia umevirudishia hewa, basi bidoni ya akiba usiiguse, fungua moja tu, ile utamaliza kwa wiki.

Angalizo: hapa Goma bidoni tupu inaibiwa kuliko maharagwe yenyewe, kila mtu anatafuta ya maji. Pitisha waya mnene kwenye mikono ya bidoni zote, funga kwa mguu wa meza kwa kufuli. Bidoni tatu zilizojaa zimefungwa pamoja ni karibu kilo 50, hakuna wa kukimbia nazo.

Hatua ya 4: panga ili wizi uonekane

Ku baseni usijaze mlima. Sawazisha juu kwa kopo lako la kupimia, kisha gandamiza mdomo wa kopo katikati uache alama ya duara. Ukirudi na maji, alama imevunjika, unajua kuna mkono ulipita na saa gani. Ikitokea saa ile ile mara mbili, saa hiyo ingiza baseni ndani.

Kopo lenyewe liwe la bei moja isiyo na chenji. Hapo hata jirani anaweza kukuuzia: "Mama, niangalilie kidogo, kopo ni elfu moja, usipunguze." Bei ikiwa tatu nne tofauti atachoka, au atakosea, na nyinyi wawili mtagombana kwa franka 200.

Kama unaanza na pesa kidogo, nunua bidoni moja ya maharagwe na gunia moja la makala, chumvi ifuate. Ukiona makala inabaki vumbi jingi kuliko faida, badilisha mwenye kukuuzia kabla hujabadilisha bidhaa.